Fahamu: Kadi ya kumpima mwenzako kwenye jimnastiki

Tangu shule za msingi za serikali nchini Kongo zifutiwe ada mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na Kolwezi nayo haikuachwa. Mwalimu mmoja hawezi kumtazama kila mtoto akifanya mfululizo mzima. Kadi inawapa wanafunzi kazi hiyo.

Chukua mfululizo mfupi: kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka, kuruka na kutua. (Kubingirika kuachwe kama hakuna magodoro, uwanja mkavu hauna huruma na shingo.) Kata boksi, andika maswali matatu tu: Alisimama bila kuyumba hadi tatu? Aliunganisha bila kusita? Alitua kwa miguu miwili, magoti yakikunjwa, akatulia? Majibu ni "ndiyo" au "bado".

Swali kama "Alifanya vizuri?" ndilo linaloharibu kazi, maana hapo rafiki humpa rafiki yake "ndiyo" bila hata kutazama. Katika kundi la watatu, mmoja anafanya, mwingine anahesabu kwa sauti, wa tatu anatazama swali moja pekee. Anayejibu "bado" aonyeshe ni wapi: "Ulipotua, mguu wa kushoto ulisogea." Mtendaji anarudia mara moja, kisha wanabadilishana nafasi.

Mwalimu naye ajaze kadi ileile kwa makundi mawili. Majibu yakitofautiana sana, arekebishe kwanza maneno ya swali. Alama za ripoti zisitoke kwenye kadi hizi, la sivyo urafiki utarudi kuandika "ndiyo".