Muswada Usiosemwa: Kitenzi, Ishara na Muziki katika Filamu Fupi ya Uhuishaji kuhusu Mtoto na Kishada

Katika uhakiki wa tamthilia ya Kiswahili, maelekezo ya jukwaani huchukuliwa kuwa mtumishi wa mazungumzo. Husomwa haraka, na mara nyingi hurukwa. Muswada wa filamu ya uhuishaji isiyo na maneno huugeuza uhusiano huo, kwani ndani yake maelekezo ndiyo matini yote. Mtazamaji hasikii neno hata moja, ilhali muswada wenyewe ni kurasa zilizojaa sentensi. Wasomaji wake halisi ni wawili tu: mchoraji na mtunzi wa muziki. Kwamba kazi ya namna hii ni uandishi kamili si jambo la kubahatisha. Filamu ya Albert Lamorisse ya mwaka 1956 kuhusu mtoto na puto jekundu, ambayo ina maneno machache mno (ingawa si ya michoro), ilipata tuzo ya Oscar ya muswada asilia.

Mfano unaojadiliwa hapa umetungwa kwa ajili ya uchambuzi. Mtoto wa pwani anarusha kishada, ambacho wengine hukiita tiara, kilichoundwa kwa karatasi nyekundu na chelewa. Uzi unakatika, kishada kinapeperushwa, na mtoto anakitafuta hadi jioni. Katika rasimu ya kwanza, onyesho la kati liliandikwa hivi: “Mtoto anaketi ufukweni. Anasikitika kwa sababu hakioni kishada chake. Anakumbuka alivyokitengeneza na bibi yake.” Kwa msomaji wa hadithi fupi sentensi hizi hazina kasoro. Kwa mchoraji, vitenzi vitatu havichoreki, na kimoja kinachochoreka kimetumiwa visivyo.

Kitenzi hicho ni *anaketi*. Kiswahili hutenganisha *anaketi*, yaani mwili umo katika mwendo wa kushuka, na *ameketi*, yaani mwendo umekwisha na hali yake imebaki. Tofauti hiyo ipo pia kati ya *anasimama* na *amesimama*, *anainama* na *ameinama*. Wanasarufi huieleza kama suala la hali ya kitenzi. Kwa mchoraji ni suala la kazi ya siku nzima. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde, na kwa kawaida mchoro mmoja hutumika kwa fremu mbili. Hivyo, *anaketi* ya sekunde moja hudai michoro 12. *Ameketi* huweza kutosheka na mchoro mmoja ulioshikiliwa, huku nywele au nguo tu ndizo zikitikiswa na upepo. Mwandishi aliyetaka utulivu wa huzuni na kuandika *anaketi* atapata mtoto anayeshuka mchangani, na huzuni itaanza kwa kuchelewa. Kosa hili hugunduliwa upesi kwa kuuliza swali moja mbele ya kila kitenzi: je, fremu ya mwisho inatofautiana na ya kwanza?

Tatizo la *hakioni* ni zito zaidi, kwa kuwa linagusa kiini cha kisa. Picha haina kikanushi. Huonyesha kilichopo, haiwezi kusema kwamba kitu hakipo. Mbingu tupu ni mbingu tu, wala si kishada kilichopotea, na hadithi nzima imejengwa juu ya kupotea. Tiba ya kwanza ni kurudia umbo la picha: mbingu ileile, kwa kimo kilekile, ionekane mapema ikiwa na kishada, kisha ionekane bila kishada. Tiba ya pili ni muziki. Kishada hupewa mahadhi yake mafupi ya mapigo manne, yanayopigwa kwa nai. Mahadhi hayo yanapaswa kusikika walau mara mbili kishada chenyewe kikiwa machoni, kabla hayajaweza kukiwakilisha. Baada ya hapo, yakisikika juu ya mbingu tupu, sikio hujaza kile ambacho jicho halikikuti.

Hapa mwandishi hana budi kujua hesabu kidogo. Kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, kila pigo huchukua fremu 16, na mahadhi ya mapigo manne huchukua fremu 64, yaani chini ya sekunde tatu. Mchoraji akijua hilo anaweza kuliweka tendo la mtoto juu ya pigo mahususi. Lakini uwezo huu una hatari yake. Muziki unapoigiza kila hatua, kila kupepesa jicho na kila kuanguka, onyesho la huzuni hugeuka kichekesho. Ndiyo maana muswada hutaja mahali ambapo tendo na pigo vinakutana, na kwingineko huuacha muziki utembee peke yake.

Kuhusu *anasikitika*, Kiswahili kina hazina iliyo tayari. *Kushika tama* hutaja mkao na maana yake kwa pamoja: shavu limeegemezwa kiganjani, na mwenye shavu ana majonzi au amezama katika fikra. Mchoraji hapewi hisia ya kufasiri, anapewa mkao. Hata hivyo, mtazamaji asiyeijua ishara hiyo anaweza kumdhania mtoto amechoka au amechoshwa, kwa hiyo ishara peke yake isibebeshwe onyesho lote.

Upatanisho wa kisarufi nao ni agizo, ingawa huandikwa bila kufikiriwa. Katika ngano, sungura na fisi huchukua *a-* kwa kuwa ni viumbe hai. Je, kishada *kinacheza* au *anacheza*? Puto la Lamorisse lina hiari yake lenyewe: humfuata mtoto na kumsubiri. Mwandishi wa Kiswahili aliyetaka hilo angekipa kishada *a-*, na mchoraji angejua kwamba amechora mhusika. Mwandishi akibaki na *ki-*, mwendo wote ni wa upepo, na kishada hakimpendi mtoto wala hakimkimbii. Katika mfano huu *ki-* imebakizwa kwa makusudi, kwa kuwa kupotea kunauma zaidi pale ambapo hakuna wa kulaumiwa. Kuchanganya viambishi hivyo viwili ndani ya muswada mmoja, jambo linalotokea kwa urahisi, humfanya mchoraji ampe kishada macho katika onyesho moja na kumnyang’anya katika jingine.

Kwa kuzingatia hayo, onyesho linaandikwa upya:

“Ufukwe, jioni. Mtoto ameketi mchangani. Mkono mmoja umeshika tama; mwingine umeshika uzi uliokatika, na ncha ya uzi inachezacheza kwa upepo. Juu yake mbingu tupu, kwa kimo kilekile cha onyesho la pili. Nai inaanza mahadhi ya kishada. Pigo la kwanza, la pili, la tatu: mtoto yu tuli. Pigo la nne halipigwi. Mtoto anainua kichwa. Anageuka polepole kuelekea mikokoni. Kati ya matawi kipande chekundu kinatikisika, kinatulia, kinatikisika tena. Mtoto anasimama. Amesimama. Uzi umelala mchangani.”

*Anakumbuka* haikuokolewa. Imehamishiwa mwanzoni mwa filamu, ambako bibi na mjukuu wanaonekana wakifunga chelewa kwa uzi uleule. Kumbukumbu sasa ni ya mtazamaji, naye huipata anapouona uzi mkononi mwa mtoto. Katika onyesho zima umebaki ukanushi mmoja tu, *halipigwi*, nao haukuelekezwa kwa mchoraji. Ni agizo kwa mpiga nai, kwani sikio lililokwisha kuzoeshwa mapigo manne hulisikia pigo lisilopigwa.