Je, Wajua? Bomba la Maji Uani Huzikwa Kina Gani

Huko Uingereza, bomba la maji la nyumbani hufukiwa angalau sentimita 75 chini ya ardhi, hasa ili maji yasigande wakati wa baridi. Kibabii, Bungoma, hakuna barafu ya kupasua bomba. Adui wa huku ni jembe na magurudumu.

Jembe la mkono likizama sana hufika kama sentimita 25. Kwa hiyo bomba la plastiki la milimita 25 linalokatiza uani hadi nyumbani likifunikwa kwa sentimita 60 za udongo, litakuwa salama hata pale mwenye nyumba atakapopanda mahindi juu yake. Mawe yasiliguse: mtaro hutandikwa mchanga, kisha bomba huzungushiwa udongo laini uliochujwa.

Sentimita 30 juu ya bomba hulazwa mkanda wa tahadhari wa rangi ya samawati. Anayechimba hukutana nao kwanza, bado akiwa na nafasi ya kusimama.

Njia ya gari ni shughuli nyingine. Hapo bomba hupitishwa ndani ya bomba pana zaidi, tuseme la milimita 50, linalochomoza sentimita 30 kila upande wa njia. Kiungio kisiwekwe ndani yake hata kimoja, kwa sababu kikivuja hakionekani. Bomba la ndani likiharibika huvutwa nje na jipya kuingizwa, saruji ya njia ikiachwa ilivyo.

Kabla ya kufukia, mifereji yote hufungwa. Mita ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panapovuja.