Asilimia Mia ya Nini? Kupima Betri ya Leaf Kabla ya Kutoa Pesa

Nissan Leaf zilizotumika Japani sasa zimo kwenye yadi za Mombasa na Nairobi, na sentensi inayoziuza ni moja: "Betri iko mia." Swali la kumrudishia muuzaji ni fupi: mia ya nini? Kwenye dashibodi ya gari hilo asilimia inayoonekana kwa maandishi makubwa ni ya chaji, yaani betri imejazwa kiasi gani kwa sasa. Gari lililochoka kabisa likilala kwenye chaji litaamka likiandika 100%. Mnunuzi anahitaji asilimia nyingine, ile ya afya, inayosema betri hiyo ikijaa inabeba umeme kiasi gani ukilinganisha na siku ilipotoka kiwandani. Ni sawa na tangi la mafuta linalosinyaa mwaka hadi mwaka huku geji ikiendelea kusoma "full".

Nissan haionyeshi afya hiyo kwa namba. Inaonyesha vijipau 12 vidogo pembeni mwa geji ya chaji. Wengi hudhani kila kipau ni sehemu sawa ya betri, lakini sivyo. Kipau cha kwanza hakizimiki mpaka afya ishuke hadi takriban asilimia 85. Baada ya hapo kila kinachozimika ni kama asilimia 6. Kwa hiyo gari lenye vipau vyote 12 linaweza kuwa na afya ya 98 au ya 86, na wewe hutajua kwa kutazama tu. Vipau tisa maana yake tayari umeshuka hadi karibu asilimia 70.

Namba kamili husomwa kwa kifaa kidogo cha OBD kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu iitwayo LeafSpy. Humo afya imeandikwa SOH. Mafundi wengi wa magari haya wanacho kifaa hicho, na muuzaji anayekataa kisichomekwe amekwisha kukujibu.

Sasa tuseme umekuta Leaf ya kWh 40, aina iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2017, na SOH inasoma asilimia 82. Je, ni mbaya? Yenyewe peke yake haisemi mengi. Asilimia 82 ya betri hii ni umeme mwingi kuliko asilimia 100 ya Leaf za kwanza za kWh 24. Ibadilishe iwe yuniti, zilezile unazonunua kwa tokeni au LUKU, kwa kuwa yuniti moja ni kWh moja. Betri hii ikiwa mpya ilitoa yuniti kama 38 za kuendeshea. Asilimia 82 yake ni 31. Mjini, kwenye foleni na mwendo wa pole, gari hula kama yuniti 16 kwa kilomita 100, hivyo utapata kilomita 190 na ushei. Toa akiba kidogo, kwa maana hakuna anayependa kuendesha hadi sifuri, na hesabu 160. Kwenye barabara kuu kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa ulaji unaweza kufika yuniti 20, na akiba ikitolewa unabaki na kama 130. Mtu wa kwenda kazini na kurudi hapo Nairobi atakaa na gari hilo kwa raha. Anayetaka kwenda Nakuru, kilomita kama 160, itabidi achaji njiani.

Lakini hesabu hiyo yote inasimama juu ya SOH kuwa ya kweli, na SOH haipimwi moja kwa moja. Kompyuta ya betri huikadiria kwa kufuatilia umeme unaoingia na kutoka. Kompyuta inaweza kukosea: wamiliki wa Leaf za kWh 30 huko New Zealand walipoona magari yao yakipoteza afya kwa kasi ya ajabu, ikaja kubainika kwamba kosa lilikuwa kwenye hesabu za programu, na mwaka 2018 Nissan ikatoa marekebisho. Kwenye yadi kosa huelekea upande wa pili. Kumbukumbu ya kompyuta inaweza kufutwa kwa makusudi, vipau vikarudi 12 na SOH ikapanda. Baada ya kuendeshwa kwa wiki kadhaa kompyuta hujifunza upya na vipau huanza kuzimika kimoja kimoja, wakati huo pesa zako zimeshakwenda. Gari la miaka saba linalosoma asilimia 99 linanitia shaka kuliko linalosoma 84.

Dawa yake ni mita. Endesha gari mpaka chaji ishuke hadi 20%, kisha ulichaji mpaka lisimame lenyewe. Kusimama huko kunaamuliwa na volti za seli, na volti hazidanganyiki kwa kufuta kumbukumbu. Soma mita ya umeme mwanzoni na mwishoni, vitu vingine vyote vikiwa vimezimwa. Kwa gari letu la asilimia 82, kujaza sehemu nne kwa tano za betri ni yuniti 25, na kwa kuwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi hupotea kama joto kwenye chaja, mita itahesabu kama 29. Ikihesabu 23, afya halisi ni karibu na 65. Kwenye soketi ya kawaida ya ampea 10 zoezi hili huchukua saa kumi na mbili na zaidi, kwa hiyo omba kulala na gari, hata kwa kuacha amana. Tofauti ya yuniti moja au mbili usiijali. Mita na chaja havilingani kila mahali.

Safari hiyo ya kushusha chaji ina kazi nyingine. Ndani ya betri mna seli 192 zilizopangwa jozi 96, moja nyuma ya nyingine, na jozi dhaifu kuliko zote ikiishiwa, gari zima linaishiwa, hata kama nyingine 95 bado zina umeme. SOH haikuonyeshi hilo waziwazi. LeafSpy huchora jozi zote kama mistari iliyosimama. Chaji ikiwa nyingi zote hufanana, ndiyo maana muuzaji mjanja hukukabidhi gari lililojaa. Itazame ikiwa 20%, halafu panda mlima ukikanyaga mafuta. Pengo la milivolti 20 au 30 kati ya jozi ya juu na ya chini ni la kawaida. Likizidi 100, na jozi ileile ndiyo inayozama kila ukikanyaga, hiyo ni seli mgonjwa. Bila kifaa utaiona kwa njia nyingine: chaji inaruka kutoka 18% hadi 6% mlimani, na taa ya kobe inawaka kabla ya wakati wake.

Usikimbie hapohapo. Betri iliyochoka sawasawa kote huwezi kuifufua, wakati jozi moja mbovu inaweza kubadilishwa moduli yake na fundi aliyezoea umeme wa volti 350. Sharti moduli inayowekwa ilingane kwa nguvu na zilizomo, la sivyo umehamisha udhaifu tu. Pata bei ya kazi hiyo kwanza, pamoja na ya kushusha betri na kuirudisha, ndipo urudi kwa muuzaji na picha ya mistari yako 96 mkononi.