Nyuma ya Pakiti ya Dawa ya Mafua

Mjamzito wa wiki 24 anaingia duka la dawa, pua imeziba, kichwa kinamgonga. Anaomba dawa ya mafua na kupewa vidonge vya mchanganyiko. Hapo ageuze pakiti asome viambato.

Parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza la maumivu na homa wakati wa ujauzito: kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 4 hadi 6, visizidi 8 kwa saa 24, kwa siku chache tu. Shida ni wenzake ndani ya kidonge hicho. Fenilefrini na pseudoefedrini huzibua pua kwa kubana mishipa ya damu. Zinaweza kupandisha presha na kupunguza damu iendayo kwenye kondo la nyuma, ndiyo maana kwa kawaida huepukwa. Tena, akiongeza Panadol juu yake, amezidisha parasetamoli bila kujua.

Ibuprofeni nayo aiache. Kuanzia wiki ya 20 inaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka tumboni.

Pua iliyoziba hupata nafuu kwa matone ya maji ya chumvi, na kikohozi kwa asali na ndimu katika maji ya uvuguvugu. Homa ikifika nyuzi 38, aende kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe na malaria.