Kitovu cha Shafti Kiko Juu Kiasi Gani?

Ukiilaza shafti kwenye bloku ya V, jambo moja unalipata bila jasho: inakaa katikati. Iwe nene, iwe nyembamba, kitovu chake kitasimama wima juu ya ncha ya mtaro, hakisogei kushoto wala kulia. Kwa sababu hiyo kipande hiki cha chuma chenye mtaro wa herufi V mgongoni hakikosekani katika karakana yoyote inayokereza na kutoboa vyuma vya mviringo. Linalosumbua ni jambo la pili, yaani urefu wa kitovu hicho kutoka chini.

Chukua kazi ya kawaida. Kuna shafti ya mashine ya kusaga nafaka, kipenyo chake milimita 38, na inatakiwa itobolewe tundu la milimita 6 la pini, lipenye ubavu hadi ubavu likipitia katikati kabisa. Fundi anaipaka shafti bluu, anailaza kwenye bloku, na bloku yenyewe inakaa juu ya bamba la usawa, lile bamba zito lililosawazishwa ambalo vipimo vyote vinaanzia hapo. Kisha anaweka kichoreo cha geji ya kimo kwenye urefu wa kitovu na kuchora mstari ubavuni. Kichoreo kikizidi kwa nusu milimita, tundu nalo litapita nusu milimita nje ya kitovu. Chuma kitabaki chembamba upande mmoja, na pini itagoma siku ya kuvalisha kapi ambalo tundu lake lilitobolewa sawasawa.

Mtego wa kazi hii ni wa hesabu ya haraka haraka. Tuseme bloku hiyohiyo ilikuwa imebeba shafti ya milimita 25, na urefu wa kitovu chake unajulikana. Sasa imekuja ya 38. Kipenyo kimeongezeka milimita 13, nusu yake ni 6.5, basi fundi anapandisha kichoreo milimita 6.5 na kuendelea na kazi. Hesabu hiyo ingekuwa sahihi kama shafti zingelazwa juu ya meza bapa. Ndani ya V yenye pembe ya nyuzi 90, kitovu hupanda milimita 9.19. Mstari utakuwa umekosea kwa karibu milimita 2.7, na kwa tundu la milimita 6 hiyo ni kazi ya kutupa.

Milimita hizo zinatoka wapi? Shafti haigusi chini ya mtaro. Inagusa kuta mbili za V, kila ukuta mahali pamoja, na sehemu ya chini inaning'inia hewani. Fikiria kopo lililolazwa ndani ya kitabu kilichofunguliwa nusu: ukikifunga kitabu kidogo, kopo linapanda, ingawa kopo halijanenepa. Vivyo hivyo kopo nene zaidi hubanwa na kurasa mapema, mbali na mshono, na hivyo hupanda zaidi ya unene wake.

Sasa chora pembetatu. Kona ya kwanza ni ncha ya V, ya pili ni mahali shafti inapogusa ukuta mmoja, ya tatu ni kitovu cha shafti. Mstari kutoka kitovu hadi mahali pa mguso ni nusukipenyo, na kila nusukipenyo hukutana na ukuta unaouguza duara kwa pembe mraba. Kwenye ncha ya V, pembe ya pembetatu yetu ni nusu ya pembe ya mtaro, kwa kuwa mstari wa wima unaupasua mtaro katikati. Nusukipenyo kinaikabili pembe hiyo, na urefu tunaoutafuta, kutoka ncha hadi kitovu, ndio upande mrefu wa pembetatu. Waliosoma hesabu za sekondari wanaikumbuka sini: upande unaoikabili pembe, gawanya kwa upande mrefu. Tukiigeuza tunapata

h = r / sin(A/2)

ambapo h ni urefu wa kitovu kutoka ncha, r ni nusukipenyo, na A ni pembe ya mtaro. Mtaro wa nyuzi 90 unatupa nusukipenyo mara 1.414. Wa nyuzi 60, ambao kuta zake zimesimama zaidi, unatupa nusukipenyo mara 2 kamili, na wa nyuzi 120, uliolala, mara 1.155. Namba ya kushika kichwani ni ile ya 1.414, kwa sababu bloku nyingi za karakana ni za nyuzi 90.

Kanuni imekamilika, lakini ukienda nayo kwenye bamba utakwama palepale, kwani ncha yenyewe haipo. Chini ya mtaro pamechimbwa mfereji mwembamba ili uchafu upate pa kukimbilia na chombo cha kusagia kuta kipite bila kugonga. Kuta zinaishia kabla ya kukutana, na ncha ni nukta ya kufikirika ndani ya hewa ya mfereji huo. Huwezi kuigusa kwa geji.

Unaitafuta kwa mzunguko. Chukua pini ya chuma iliyosagwa vizuri, ambayo kipenyo chake unakiamini, mathalani milimita 25.00. Ilaze kwenye bloku na upime mgongo wake, yaani sehemu ya juu kabisa, kutoka kwenye bamba. Tuseme geji inasoma 62.68. Toa nusukipenyo, 12.50, na kitovu cha pini kiko kwenye 50.18. Kwa kanuni yetu kitovu hicho kiko 12.50 mara 1.414 juu ya ncha, yaani 17.68. Kwa hiyo ncha iko milimita 32.50 juu ya bamba. Namba hii ni mali ya bloku hiyo, na fundi makini huiandika ubavuni mwake kwa rangi ili asiitafute tena.

Kuanzia hapo kazi ni nyepesi. Shafti ya 38 ina nusukipenyo cha 19. Mara 1.414 ni 26.87. Ongeza 32.50 na kitovu kiko 59.37 juu ya bamba. Hapo ndipo kichoreo kinapowekwa. Anayetaka kujua kitovu kiko juu kiasi gani ya uso wa bloku, wala si ya bamba, atapima pia upana wa mdomo wa V. Kwa nyuzi 90 kina cha ncha chini ya uso ni nusu ya upana huo. Mdomo wa milimita 40 una ncha yake milimita 20 chini, basi kitovu cha shafti yetu kinachungulia 6.87 juu ya uso. Mimi sipendi njia hii sana, kwa kuwa kingo za mdomo huwa zimelainishwa na kupima upana wake kwa uhakika ni shida. Pini inasema kweli zaidi.

Msomaji mwepesi ameshauliza: kwa nini nisipime mgongo wa shafti yenyewe na kutoa nusukipenyo, kama tulivyofanya kwa pini? Kwa shafti moja iliyo mbele yako, fanya hivyo. Ni haraka na ni salama. Kanuni inahitajika pale mgongo haufikiki kwa sababu ya klampu, au unapotengeneza kishikio cha kutobolea shafti nyingi zitakazokuja baadaye. Hapo ndipo swali la tofauti ndogo linapoingia. Shafti za 38 hazilingani zote: moja ina 38.00, nyingine 37.90. Ndani ya V ya nyuzi 90, upungufu huo wa sehemu ya kumi ya milimita unashusha kitovu kwa 0.07. Ndani ya V ya nyuzi 60 unakishusha kwa 0.10, na ya nyuzi 120 kwa chini kidogo ya 0.06. Ukisikia kishikio kinatoa matundu yanayopanda na kushuka ilhali drili haijaguswa, pima vipenyo kwanza.

Kanuni ina mipaka yake. Shafti lazima iguse kuta, si kingo za mdomo. Katika nyuzi 90 miguso miwili inaachana kwa 0.707 ya kipenyo, kwa hiyo shafti ya 38 inahitaji mdomo unaozidi milimita 27, na mdomo wa 40 hauwezi kubeba zaidi ya kipenyo cha 56 hivi. Ikizidi hapo shafti inakalia kingo, na hesabu yote inakuwa ya kitu kingine.

Pembe nayo inaweza kudanganya. Bloku ya zamani au ya kujichongea ikiwa na nyuzi 89 badala ya 90, kitovu cha shafti yetu kingekuwa na kosa la 0.24 kama ungetegemea mchoro peke yake. Ukiwa umeanza na pini ya 25, kosa linashuka hadi 0.08, kwa sababu pembe mbovu sasa inaharibu tofauti tu kati ya pini na shafti. Pini inayokaribia kipenyo cha kazi inalimaliza karibu lote. Na ukiwa na pini mbili za vipenyo tofauti unaweza kuikagua pembe yenyewe: gawanya tofauti ya nusukipenyo zao kwa tofauti ya urefu wa vitovu vyao. Jibu likitoka 0.707, mtaro ni wa nyuzi 90.

Uchafu ni adui wa kila siku. Kipande cha chuma chenye unene wa 0.2 kikibanwa kwenye ukuta mmoja, kitovu kinapanda 0.14 na pia kinahamia pembeni kwa 0.14, maana yake hata ule ukatikati wa bure umepotea. Futa kuta kwa kitambaa, kisha pitisha kidole. Kidole huhisi kile ambacho jicho limepita.

Kabla ya kutoboa kuna ukaguzi usiohitaji hesabu yoyote. Chora mstari mfupi kwenye uso wa mwisho wa shafti, uzungushe shafti nusu mzunguko mahali palepale, kisha uchore tena bila kugusa geji. Mistari ikilaliana, kichoreo kiko kwenye kitovu. Ikiachana, nafasi kati yao ni mara mbili ya kosa. Pandisha au shusha kichoreo kwa nusu ya nafasi hiyo, paka bluu upya, na uchore mstari wa ubavuni.