Mauzo ya Desemba, noti za krediti za Januari

Wiki ya mwisho ya Desemba, depo za Kampemba huwa na pilikapilika. Msambazaji wa sukari ana lengo la mwaka la kufikia, na mara nyingi bonasi ya meneja wa mauzo inategemea lengo hilo. Mkaguzi anayetaka kujua kama mauzo hayo ni ya kweli asianze na fakture za Desemba, maana hizo huwa zimepangwa vizuri. Aanze na noti za krediti za Januari na Februari, yaani hati zinazompunguzia mteja deni.

Tuchukue mfano wa kubuni. Depo imeandika mauzo ya magunia 5,000 mwezi Desemba, kila gunia dola 20 bila TVA, jumla dola 100,000. Januari zinatoka noti za dola 26,000, wakati miezi mingine hazizidi 3,000. Kila noti ioanishwe na fakture yake, kisha tuulize: je, mzigo ulitoka kweli?

Noti za dola 14,000 zinahusu magunia 700. Daftari la mlinzi getini, lenye namba za malori na saa za kutoka, halionyeshi lori lililoyabeba. Mimi naliamini daftari hilo kuliko ripoti ya meneja, kwa sababu mlinzi hapati bonasi. Tena hesabu ya stoki ya Desemba 31 ilikuta magunia 700 ya ziada ghalani. Mauzo hayo hayakuwapo. Yafutwe, na magunia yarudishwe kwenye stoki ya mwaka uliokwisha.

Dola 8,000 ni risturne, punguzo waliloahidiwa wateja mwezi Novemba wakifikisha kiasi fulani kabla ya mwaka kuisha. Walikifikisha. Ingawa noti imeandikwa Januari, punguzo ni la Desemba. Katika mpango wa hesabu wa OHADA linasubiri kwenye konti 4198.

Zinabaki dola 4,000 za magunia 200 yaliyorudi kweli, na hati ya mapokezi ya ghala ipo. Hapa aulizwe mteja mwenyewe. Kama aliambiwa kwa mdomo kwamba atarudisha yasiyouzika, nayo yanatoka kwenye mauzo ya Desemba, ambayo yatakuwa dola 74,000, si 100,000.

Jambo hili si la depo ndogo tu. Mwaka 2006 Cadbury Nigeria ilibainika kukuza hesabu zake, na kuwajazia wasambazaji mizigo kulikuwa mojawapo ya mbinu.

Meneja mjanja anaweza kuzificha noti hadi mkaguzi aondoke. Hapo deni hubaki bila kulipwa, na TVA imeshatangazwa kwa DGI juu ya mauzo hewa. Kwa hiyo mkaguzi achague madeni ya Desemba yaliyopita siku 60, awaandikie wateja moja kwa moja, na majibu yaje kwake, yasipitie mikononi mwa idara ya mauzo.