Dawa ya kifafa itangulie ndani ya mfuko

Wamama, tarehe 27 Mei 2021, mitaa mingi ya Goma ilipoamriwa kuhama kwa sababu ya Nyiragongo, watu walielekea Sake na kile mkono ulikamata. Karbamazepini ikibaki nyumbani siku kama hiyo, hatari haikawii.

Sababu iko katika ini. Mtoto akianza dawa, inapungua hadi nusu katika damu kwa siku moja na nusu hivi. Baada ya wiki chache, dawa yenyewe imezoeza ini kuivunja mbio: inafika nusu kwa saa kama 15. Aliyeizoea akikosa siku mbili, anabakiwa na sehemu ya kumi tu, na kifafa kinaweza kumkamata bila kumwachia. Kikipita dakika 5, mbio hospitali.

Dozi moja ikisahauliwa, mpe ukikumbuka. Kama nyingine imekaribia, ngoja hiyo. Usimpe mbili pamoja. Fenitoini hasa haitaki mchezo: ini likishindwa kuivunja, nyongeza ndogo inaijaza damuni, na mtoto anayumba kama mlevi. Siku kadhaa zikipita bila dawa, muulize muuguzi aanze tena na kipimo gani.

Mimi ningeweka vidonge vya wiki moja na karatasi ya dozi ndani ya mfuko wa vyeti vya kuzaliwa. Huo hakuna mama anayeuacha.